Maji ya mchele kwenye nywele: ya kuloweka, ya kuchachusha, ya kuchemsha, au utafute kingine?

Binti wa kaka yangu alifika kwangu Jumamosi moja mchana, akanisalimia, akavua mtandio na kukaa kwenye kigoda bila kuongeza neno. Nilishika fungu la nywele zake upande wa utosi na nikaelewa kwa nini amenyamaza. Zilikuwa kama katani ambayo bado haijasokotwa. Ukizikunja zinabaki zimekunjika, ukipitisha chanuo unasikia zinavyokatika, na kwenye mabega ya blauzi yake kulikuwa na vipande vifupi vya nywele, vingine havizidi urefu wa ukucha.

"Shangazi, nimezidisha protini," akasema. Mwenzake wa chuo ndiye aliyempa jina la ugonjwa. Kwa wiki sita alikuwa akichemsha mchele kwa maji mengi, anachuja yale mazito, anayaacha jikoni siku mbili mpaka yanuke, kisha anajipaka jioni, anavaa mfuko wa plastiki na kulala nayo. Kila baada ya siku tatu. Hesabu yake ni kama mara kumi na nne.

Nimesuka na kuosha nywele za watu hapa Tanga kwa miaka mingi, na swali la maji ya mchele naulizwa karibu kila wiki. Wengi huuliza kama yanafaa au hayafai, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Maji uliyolowekea mchele, maji yaliyochachuka na maji uliyochemshia ni vitu vitatu vyenye tabia tofauti, na pembeni yake kuna tritimenti ya protini ya dukani na mafuta ya nazi, ambavyo watu huviacha kwa sababu maji ya mchele ni ya bure. Ngoja niviweke pamoja. Lakini kwanza lazima niseme kilichomo kwenye hayo maji, maana uchaguzi wote unasimama hapo.

Gramu 100 za mchele mweupe zina protini kama gramu 7 tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni wanga. Halafu ile protini yenyewe, sehemu kubwa ni ya aina inayoitwa glutelini, na glutelini haiyeyuki kwenye maji matupu. Kwa hiyo ukiosha au ukiloweka mchele, kinachoyafanya maji yawe meupe kama maziwa ni punje ndogo sana za wanga. Protini iliyotoka ni kidogo mno. Na hiyo kidogo nayo ni kubwa kiumbo. Unywele umefunikwa na magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na protini nzima haina njia ya kupenya chini yake. Hubaki juu, kisha huondoka kwa maji.

Wanga nao hubaki juu. Na wanga tunaujua kazi yake. Bibi zetu walitia wanga kanzu kabla ya kuipiga pasi ili isimame, na kitambaa kilichotiwa wanga mwingi hakikunjiki vizuri, ukikilazimisha kinaweka alama. Unywele uliotiwa wanga mara kumi na nne bila kusafishwa sawasawa hufanya vivyo hivyo, isipokuwa unywele wenyewe ni mwembamba na ukilazimishwa kukunjika unakatika.

Ndiyo maana nasema wengi wanaodhani wamezidisha protini kwa maji ya mchele wamezidisha wanga. Dalili zinafanana: nywele ngumu, kavu, hazing'ai, zinakatika kwa kelele. Sababu ni tofauti, na tiba yake ni rahisi zaidi.

Ushahidi uliopo

Hadithi mbili huzunguka sana. Moja ni ya wanawake wa Kiyao wa kijiji cha Huangluo, wilaya ya Longsheng, jimbo la Guangxi nchini China, ambao nywele zao hupita urefu wa mita moja na ambao huoshea maji ya mchele yaliyochachuka. Nyingine ni ya mabibi wa kasri la Japani enzi ya Heian, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, waliochania nywele zao kwa maji ya kuoshea mchele waliyoyaita yusuru. Hadithi zote ni za kweli. Ila wanawake wa Huangluo kwa desturi hukata nywele mara moja tu maishani, wakifikia umri wa miaka 18, na maji yao hupikwa pamoja na vitu vingine kama maganda ya balungi. Nywele zao pia ni nyoofu. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka juu ya unywele mnyoofu hadi mbali, wakati kwenye nywele zetu za kipilipili kila mkunjo unayazuia, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Urefu wa nywele zao hauwezi kuwa ushahidi kwamba maji ya mchele yatafanya hivyo kwako.

Utafiti ulio karibu zaidi na swali letu ulitoka Japani mwaka 2010, juu ya yusuru yenyewe. Watafiti waliripoti kwamba maji ya kuoshea mchele yalipunguza msuguano juu ya unywele na kuongeza mnyumbuko wake. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu msuguano ukipungua chanuo linapita bila kuvuta na nywele chache zinakatika. Lakini ulichapishwa kama muhtasari mfupi, na hauwezi kubeba madai yote yaliyopachikwa juu yake.

Kuhusu kukuza nywele, tathmini iliyokusanya tafiti za bidhaa za mchele, iliyochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la dawa za ngozi, ilikuta dalili nzuri kwa dondoo za pumba za mpunga. Kwa maji ya mchele haikukuta ushahidi wa kuotesha nywele. Utaona watu wakitaja inositoli, kitu cha jamii ya sukari, kama siri ya maji ya mchele, lakini sehemu kubwa ya inositoli ya mpunga imefungwa kwenye asidi ya fitiki, na hiyo iko kwenye pumba. Mchele mweupe ulishaziacha pumba mashineni.

Basi tukubaliane tunachotafuta. Maji ya mchele yanaweza kuufanya unywele uteleze na ukatike kidogo. Hayataotesha nywele kwenye kipara cha pembeni kilichotokana na kusuka kwa kubana, wala hayatarudisha zilizonyonyoka baada ya kujifungua. Kwa kipara cha pembeni, acha kubana na umwone daktari wa ngozi mapema, kabla vinyweleo havijafa.

Maji ya kuloweka

Haya ndiyo ninayoyapendelea kati ya matatu. Chukua kikombe kimoja cha mchele, uoshe mara moja na umwage maji ya kwanza yenye vumbi. Tia vikombe vitatu vya maji safi, acha nusu saa, ukoroge kwa mkono, uchuje. Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: yaache maji hayo yatulie nusu saa nyingine. Utaona tabaka jeupe limekaa chini ya jagi. Huo ni wanga mbichi. Mimina taratibu maji ya juu, yale yaliyo kama maji ya dafu, na mashapo uyaache chini.

Wanga mbichi una tabia nzuri kwetu: uko katika punje ngumu ambazo hazinati. Nyingi huondoka ukisuuza. Kwa hiyo maji haya hata ukiyakosea kidogo hayakuadhibu sana. Yapake baada ya shampuu, yakae dakika tano hadi kumi, suuza vizuri, kisha weka kondishona kama kawaida. Mara moja kila wiki mbili inatosha. Ukitaka kujua kama yanakusaidia, yatumie upande mmoja wa kichwa tu kwa mara nne na uhesabu nywele zinazobaki kwenye chanuo kila upande. Nimewahi kuwafanyia wateja watatu hivyo. Wawili waliona upande wa maji ya mchele unachanika kwa urahisi zaidi, mmoja hakuona tofauti yoyote. Sidai kwamba huo ni utafiti, ila ni bora kuliko kutazama kioo na kukisia.

Maji ya kuchachusha

Ni maji yaleyale ya kuloweka, ila yameachwa bakteria wa uchachu wafanye kazi. Faida yake inayoeleweka ni asidi. Magamba ya unywele hulala vizuri kwenye maji yenye asidi kidogo na huinuka kwenye yenye magadi, kwa hiyo baada ya sabuni au shampuu kali, maji yaliyochachuka huufanya unywele utulie na uteleze. Faida hiyo utaipata pia kwa kijiko kimoja cha siki kwenye nusu lita ya maji, bila harufu ya siku mbili.

Shida yake kwetu huku pwani ni joto. Ushauri wa kuyaacha siku mbili au tatu umetoka kwenye nchi za baridi. Kwenye jiko la Tanga mwezi wa Februari, maji ya mchele huwa tayari baada ya saa kumi na mbili, na baada ya saa ishirini na nne yamepita. Onja kwa pua: yakiwa na uchachu mwepesi kama togwa, yatie kwenye friji na uyamalize ndani ya siku tatu. Yakinuka kama chakula kilichooza, yakiwa na utelezi unaovutika, au yakiwa na madoa ya waridi, meusi au ya kijani, mwaga. Usijaribu kuyaokoa kwa kuyachemsha, kwani mchele hubeba bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto. Mwenye vidonda kichwani, ukurutu au ngozi inayowasha ayaache kabisa haya.

Kabla ya kutumia, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu mbili za maji safi. Dakika tano, kisha suuza. Kulala nayo hakuongezi chochote isipokuwa wanga unaokauka juu ya unywele na ngozi yenye unyevu chini ya plastiki usiku kucha.

Maji ya kuchemsha

Hapa ndipo madhara mengi yanapotoka, na sababu yake inaeleweka vizuri sana jikoni. Wanga wa mchele ukifika joto la nyuzi 65 hadi 75 za selsiasi, punje zake hunywa maji, huvimba na kupasuka. Maji yanakuwa mazito na yenye kunata, na yakipoa yanashika ngozi juu. Ni uji. Ukiupaka uji mwembamba kwenye unywele na kuuacha ukauke, unatengeneza utando unaoushika unywele pande zote. Siku ya kwanza utafurahi: nywele zinaonekana nene, zina mwili, mikunjo imesimama. Huo unene ni koti la wanga. Ukirudia kabla koti la kwanza halijatoka, linalalia juu ya jingine.

Mwenye nywele laini na nyembamba anayetaka zionekane nene kwa siku moja ya sherehe anaweza kuyatumia, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, dakika tano kisha asuuze, na aoshe kwa shampuu kesho yake. Kwa nywele za kipilipili, sioni sababu ya kuyachagua wakati maji ya kuloweka yapo.

Tritimenti ya protini

Ikiwa nywele zako kweli zinahitaji protini, zipe protini inayoweza kuingia. Zile za dukani zimevunjwavunjwa kuwa vipande vidogo, na kwenye lebo utaona neno la haidrolaizdi mbele ya keratini, hariri, ngano au hata mchele. Vipande vidogo kabisa hupenya kwenye nyufa za unywele ulioharibika na vikubwa kidogo hubaki juu vikiziba magamba. Wanaozihitaji ni wenye blichi, rangi, dawa ya kunyoosha, au waliopiga pasi ya nywele mara kwa mara, kwa sababu vitu hivyo vinautoboa unywele na kuuibia protini yake. Mara moja kila wiki nne hadi sita inatosha, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na baada yake lazima kondishona ya kulainisha.

Na hapa ndipo kuzidisha protini kunapowezekana hasa. Madaktari hawana kipimo cha hali hiyo, ni jina la sisi tunaoshughulika na nywele, lakini ninaiona: mtu ana shampuu ya keratini, kondishona ya keratini, krimu ya kuachia yenye hariri, kila mwezi anakwenda stimingi ya protini, na juu ya yote anaongeza maji ya mchele. Kila bidhaa peke yake haina kosa. Utando wa zote kwa pamoja unaufanya unywele ukakamae. Kabla ya kununua chupa mpya, zipange zote mezani na usome lebo. Kama zaidi ya moja ina protini kati ya viungo vitano vya mwanzo, umeshapata jibu.

Mafuta ya nazi

Haya hayaongezi protini, yanazuia iliyopo isitoke. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini yatokanayo na petroli kwenye nywele. Ya nazi peke yake yalipunguza upotevu wa protini, kwenye nywele zisizo na madhara na hata kwenye zilizopigwa blichi. Sababu ni kwamba asidi ya lauriki, iliyo nyingi kwenye nazi, ni ndogo na nyoofu, hivyo inapenya ndani ya unywele. Unywele uliokunywa mafuta hauvimbi sana ukiloweshwa, na kule kuvimba na kusinyaa kila unapoosha ndiko kunakouchosha.

Yapake kabla ya kuosha. Vijiko viwili vya mezani kwa nywele za kufika mabegani, kuanzia katikati hadi kwenye ncha, yakae saa moja au usiku mmoja, kisha shampuu. Kati ya yote niliyoyataja, haya ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kuhusu uimara wa unywele, na yanapatikana kila duka kutoka Mombasa mpaka Mtwara. Wachache nywele zao huwa ngumu kwa nazi. Ukiwa mmoja wao utajua baada ya mara mbili, acha tu.

Kwa aliye na haraka:

| Njia | Wanga unaobaki | Muda kichwani | Marudio | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Kuloweka, bila mashapo | kidogo | dakika 5–10 | kila wiki 2 | nywele zinazofungana, anayejaribu mara ya kwanza |
| Kuchachusha, yaliyozimuliwa | kidogo hadi wastani | dakika 5 | kila wiki 2–3 | ngozi ya kichwa isiyo na tatizo |
| Kuchemsha | mwingi | dakika 5 | siku ya sherehe tu | nywele laini na nyembamba |
| Tritimenti ya protini | hakuna | kama lebo | kila wiki 4–6 | blichi, rangi, dawa, pasi |
| Mafuta ya nazi | hakuna | saa 1 au usiku | kila unapoosha | karibu wote |

Jinsi ya kujua nywele zako zimefika wapi

Usichukue unywele wa kung'oa, chukua ulioanguka wenyewe kwenye chanuo. Uloweshe, ushike ncha mbili, nyoosha mkunjo kwanza, kisha vuta polepole sana. Unywele wenye afya hurefuka kiasi, unaweza kufika theluthi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Ukikatika papo hapo bila kurefuka, umekakamaa: una utando, au umekauka. Ukirefuka kama bazoka na usirudi, umelegea, na huo ndio unaoomba protini. Pima nywele tano kutoka sehemu tofauti, maana moja inaweza kukudanganya. Nywele za kipilipili hukatika mapema kuliko nyoofu hata zikiwa nzima, kwa hiyo zilinganishe na zako mwenyewe za mwezi uliopita. Usizilinganishe na za mtu mwingine.

Kipimo hicho hakikuambii utando ni wa wanga au wa protini. Kwa hilo nina njia ambayo kila aliyepita kidato cha pili anaikumbuka. Nilimwambia binti achovye fungu moja la nywele kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu na alikamue humo humo kwa dakika tano. Maji yalipopoa niliyamimina kwenye sahani nyeupe, na kwenye sahani ya pili nikatia maji ya bomba matupu. Kisha nikachukua iodini ile ya kahawia ya kusafishia vidonda, tone moja kila sahani. Ya bomba yalibaki na rangi ya chai hafifu. Yale ya nywele zake yaligeuka buluu iliyokoza, karibu nyeusi.

"Kama tulivyofanya na kiazi shuleni," akasema, na ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Angezidisha protini peke yake, maji yasingegeuka rangi.

Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu mengi kwanza, bila kitu chochote, dakika kumi nzima, nikikamua kwa vidole kutoka shinani kwenda kwenye ncha. Maji yaliyotiririka kwenye beseni yalikuwa na ukungu mweupe. Kisha shampuu ya kusafisha kwa kina, ile ya kung'arisha isiyo na mafuta wala protini, mara mbili. Nikarudia kipimo cha iodini, rangi ikawa buluu hafifu tu. Baada ya hapo kondishona ya kulainisha isiyo na protini, chini ya kofia ya joto dakika ishirini, na hatukuchana mpaka kondishona imekolea, kwa chanuo la meno mapana, tukianzia kwenye ncha.

Nilimpa mpango wa wiki nne: mafuta ya nazi usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuosha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini, kondishona ileile, na chupa zake mbili za keratini azifungie kabatini. Shampuu ya kusafisha kwa kina hatukuirudia, kwa sababu ikizoeleka inakausha kuliko wanga wenyewe. Wiki ya pili nywele zilikuwa zimelainika upande wa shina na katikati. Wiki ya nne, kati ya nywele tano tulizozivuta, nne zilirefuka na kurudi.

Ncha hazikurudi. Unywele ukishapasuka hakuna maji, mafuta wala protini itakayouunga kwa kudumu, kwa hiyo nilimkata sentimita tatu kuzunguka kichwa chote. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, ana miezi mitatu ya kusubiri. Maji ya mchele ameanza tena mwezi huu, ya kuloweka, bila mashapo, Jumamosi moja na kuruka moja, na sahani nyeupe na chupa ya iodini amehamishia kwake.